Ni Povu, Si Upepo: Ng'ombe Aliyevimba Baada ya Kula Kunde Mbichi

(Hotuba kwa wakulima na wafugaji, Wilaya ya Nachingwea, mkoani Lindi. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliobaki mashambani na waliokuwa machungani siku hiyo.)

Wazee wetu, mama zetu, ndugu wakulima na ndugu wafugaji, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma chini ya mkorosho: asalaam aleikum, tumsifu Yesu Kristo, habari za asubuhi.

Tumekuja na jambo moja tu. Ng'ombe kaingia kwenye kunde alfajiri, majani yana umande, na muda si mrefu tumbo limepanda. Afanyiwe nini kabla daktari wa mifugo hajafika? Leo hatugusi minyoo wala ndigana. Ni hilo tumbo.

Tuanze kwa kuulizana. Tumbo likivimba namna ile, ndani mna nini? Nasikia mnajibu: upepo. Na kwa sababu tunaamini ni upepo, mtu hukimbilia kisu, atoboe, upepo utoke. Jibu hilo ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua ng'ombe. Kwa ng'ombe aliyekula mikunde mibichi, ndani mna povu. Si upepo mtupu. Ni povu.

Tumbo kubwa la ng'ombe ni kama pipa la pombe linalochacha usiku na mchana. Majani yanachacha humo na kutoa gesi, na kwa ng'ombe mkubwa aliyetoka kula gesi hiyo yaweza kufika lita 30 na zaidi kwa saa moja. Siku zote haimsumbui, kwa sababu ng'ombe anabeua. Hamsikii, lakini anabeua karibu kila dakika. Gesi hupanda juu ya chakula, hukaa karibu na mlango wa umio, akibeua inatoka.

Sasa leta majani machanga ya kunde, au luseni kwa wale waliopanda kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Majani hayo ni laini, yana protini nyingi, na yakiwa na umande ng'ombe huyameza kwa pupa bila kuyatafuna vya kutosha. Yanapasuka haraka tumboni, protini zake zinachanganyika na ute wa vijidudu, na gesi inanaswa humo katika vipovu vidogo vidogo kama povu la sabuni. Povu linajaa, linapanda, linafunika mlango wa umio. Ng'ombe anataka kubeua, hawezi. Gesi inazidi kutengenezwa na njia imefungwa.

Mama zangu, ninyi povu mnalijua kuliko sisi. Ukiwa na beseni la maji ya sabuni lenye povu jingi, ukaingiza sufuria iliyokaangiwa samaki, povu hufanyaje? Linakufa. Mafuta yanaliua. Je, ungelichoma lile povu kwa sindano, lingeisha? Ungepasua vipovu vitatu vinne, basi. Shikeni hapo hapo, maana yote tutakayosema leo yanatoka kwenye beseni hilo.

Tumchukue mtamba mmoja, chotara, uzito wake kama kilo 250. Ni mwishoni mwa Machi, mvua bado zipo, kunde za jirani hazijatoa maua. Usiku kafungwa na hakupewa kitu. Saa 12 alfajiri kakata kamba, kaingia shambani. Saa 12:40 kijana kamkuta, kamrudisha nyumbani. Kula kwenyewe ni dakika 40 tu. Mwenye ng'ombe anafikiria fidia ya jirani. Ng'ombe hakuna anayemtazama.

Hapo ndipo pa kutazama. Simameni nyuma ya mnyama, si mbele wala pembeni, muone pande zote mbili kwa pamoja. Upande wa kushoto, nyuma ya ubavu wa mwisho na mbele ya nyonga, kuna kishimo. Ng'ombe mwenye njaa kishimo hicho kinazama, aliyeshiba kinajaa kidogo. Saa 1:10 kishimo cha mtamba wetu kimepotea, pamekuwa sawa na mbavu. Kaacha kucheua. Hataki majani. Dalili ya kwanza ni hiyo, na wengi huipita wakisema, ameshiba huyu, si katoka kuiba?

Saa 1:25 pale palipokuwa na kishimo pameota kichuguu. Kinapanda kufikia usawa wa uti wa mgongo. Ukipiga kwa vidole unasikia ngoma. Ukijaribu kufinya ngozi hapo haifinyiki, imekaza. Mtamba anageuza kichwa kutazama ubavu wake, anapiga teke tumbo, analala, anainuka, analala tena. Anakunya kidogo kidogo na kukojoa mara kwa mara. Dalili ya pili hiyo, na hapa hakuna tena kusubiri tuone.

Ya tatu hatutaki mtamba wetu aifikie, lakini lazima muijue. Kulia nako kumevimba. Shingo kanyoosha mbele, mdomo wazi, ulimi nje, mate yanatiririka, anakoroma kwa kila pumzi. Anayumba. Akianguka, zimebaki dakika tu. Tumbo limesukuma kiwambo cha kifua mpaka mapafu hayana pa kutanukia, na damu hairudi vizuri kwenye moyo. Toka kishimo kupotea hadi kifo yaweza kuwa saa mbili, tatu, nne. Kwa mwingine ni chini ya saa moja.

Turudi kwa mtamba. Kijana kampigia simu daktari. Daktari yuko mbali, barabara ni matope, na pikipiki yake haitafika kabla ya saa 4. Kwa hiyo nyumbani pale wana zaidi ya saa mbili na nusu za kujitegemea. Watafanya nini?

Kwanza, kama kuna ng'ombe wengine mle shambani, watoke wote sasa hivi. Wasimame ndani ya zizi, na mtu mmoja awatazame mmoja mmoja kwa nyuma. Mara nyingi huyu wa kwanza ndiye mwenye pupa tu, wenzake wanafuata.

Pili, asimame. Asiachwe alale ubavu, maana akilala ubavu mlango wa umio unazama kabisa ndani ya uchafu na povu. Atembezwe polepole, kisha asimamishwe kwenye mwinuko, miguu ya mbele juu, ya nyuma chini. Kichuguu kilicho kando ya zizi kinatosha. Asikimbizwe! Tumeona vijana wanamfukuza ng'ombe aliyevimba wakidhani wanamchangamsha. Pumzi anazozitafuta ndizo mnazozimaliza. Kama keshalala, mkalisheni kifudifudi, kifua chini, mumwegeshee magunia ubavuni.

Tatu ni mafuta. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanajua kuna mafuta ila wananyweshea mapafu.

Mafuta gani? Ya kula. Mafuta ya ufuta, na sisi watu wa Lindi kwa ufuta hatuna haja ya kuazima. Ya karanga, ya alizeti, ya kupikia ya dukani, ya nazi yakiwa yameyeyuka. Yoyote kati ya hayo. Si dizeli, si mafuta ya taa, si oili ya pikipiki. Hayo ni sumu, na yakiingia kwenye mapafu hakuna wa kumwokoa. Wala msimnyweshe soda ya dukani. Soda ni maji yaliyosindikwa gesi, na huyu gesi anayo ya kutosha!

Kiasi gani? Ng'ombe wetu wa kienyeji na mtamba kama huyu, mililita 250, yaani nusu ya ile chupa ya maji ya nusu lita. Ng'ombe mkubwa wa maziwa, chupa nzima ya nusu lita. Mbuzi au kondoo ni mililita 50 hadi 100, zisizidi.

Namna ya kunywesha sasa. Tumieni chupa ya plastiki ngumu yenye shingo ndefu. Kioo akikibana kati ya magego kinapasuka mdomoni. Mtu mmoja ashike kichwa, na kichwa kiwe usawa wa mgongo. Usawa wa mgongo, si juu ya hapo. Ukimwinua pua ikatazama mbinguni hawezi kumeza, na mafuta yanateremka njia ya hewa. Usivute ulimi, ulimi ndio anaomezea. Ingiza shingo ya chupa pembeni mwa mdomo, pale kati ya meno ya mbele na magego ambapo hakuna jino, uelekeze nyuma juu ya ulimi. Mimina funda moja. Subiri ameze, utaona koo likipanda na kushuka. Funda jingine. Usiikamue chupa. Akikohoa, acha papo hapo, mwache ashushe kichwa, mpaka akohoe amalize. Mililita 250 zikichukua dakika tano, mmefanya vizuri.

Na kama tayari yuko hatua ya tatu, mdomo wazi, anakoroma, ulimi nje? Huyo msimnyweshe kwa chupa. Hawezi kumeza na kuvuta pumzi kwa pamoja. Utakachomimina kitaingia mapafuni, na hata tumbo likipona atakufa kwa homa ya mapafu siku chache baadaye. Nitarudi kwake.

Baada ya mafuta, sugueni kile kichuguu cha kushoto kwa ngumi na viganja, kwa nguvu, mkibonyeza na kuachia. Mnachanganya mafuta na povu, yasikae mahali pamoja. Kisha mfungeni kijiti mdomoni kama hatamu ya punda: kinene kama mpini wa fagio, kirefu kama kutoka kiwiko hadi kiganja, kimelala kukatisha mdomo, kamba imepita nyuma ya pembe. Atakitafuna. Akitafuna, mate yanatoka kwa wingi, na mate yanasaidia kuvunja povu na kumfungulia njia ya kubeua. Kiwe kijiti safi, kisiwe cha mnyaa wala mti wowote wenye utomvu mkali. Ila tusidanganyane, kijiti peke yake kinamsaidia aliyevimba kidogo tu. Kwa mtamba wetu ni msaidizi wa mafuta.

Kanywa saa 1:40. Saa 1:55 kabeua mara ya kwanza, harufu kali ya majani yaliyochacha, na povu la kijani pembeni mwa mdomo. Mmoja anashangilia, mwingine anaogopa povu. Msiogope, ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Saa 2:30 kichuguu kimeshuka nusu na ngozi inafinyika. Saa 4 daktari anafika, anamkuta amesimama, kishimo kinaanza kurudi.

Lakini je, asingebeua? Zikipita dakika 15 hadi 20 na tumbo halishuki, au linazidi, mpigieni daktari tena mumwambie hivyo hivyo: amepewa kiasi gani cha mafuta, saa ngapi, na tumbo liko wapi sasa. Kama kijijini yupo mtaalamu wa mifugo aliyefundishwa kupitisha mpira, aitwe yeye. Mpira laini, unene kama kidole gumba, urefu mita 2 na nusu hadi 3, unapitishwa mdomoni hadi tumboni. Ukitoa gesi kwa kishindo, basi ilikuwa gesi huru. Ukitoa povu kidogo kisha ukaziba, ni povu, na mafuta yanamiminwa kupitia mpira huo huo. Ni njia nzuri hata kwa yule wa hatua ya tatu asiyeweza kumeza. Asiyefundishwa asijaribu, kwa sababu koo lina njia mbili na moja yake inakwenda mapafuni.

Sasa kisu. Najua mlikuwa mnakingoja.

Mtu anachukua kisu cha jikoni, anachoma kitundu upande wa kushoto, anasubiri upepo. Unatoka mlio kidogo, kisha povu linaziba tundu. Tumbo halishuki. Anachoma tena. Sasa kuna matundu mawili, na uchafu wa tumboni unavujia kwenye nafasi iliyo kati ya tumbo na ngozi. Ng'ombe akinusurika na povu, uchafu ule unamuua ndani ya siku chache kwa uozo wa ndani. Ndiyo hesabu ya kitundu kidogo kwenye povu: hakitoi, na kinachafua.

Daktari ana chombo chake cha kutobolea, chenye bomba la chuma linalobaki ndani ili gesi itoke nje bila kuvujia mwilini. Kinaingia kushoto, katikati ya kile kishimo, kikielekea kiwiko cha mguu wa mbele wa kulia. Hata hicho, kikiwa chembamba, povu hukishinda, na daktari humimina mafuta kupitia humo. Kwa anayekata roho kabisa daktari hupasua mkato wa sentimita 10 au zaidi, povu litoke kwa wingi, kisha anaosha na kushona. Huo ni upasuaji. Kama ng'ombe ameanguka, mafuta hayajafaa na hakuna mtaalamu wa kufika, mwenye mali ana haki ya kuamua kuchinja angali hai, na nyama ikaguliwe na mkaguzi kabla ya kugawanywa. Linalotuuma sisi ni yule anayechinjwa saa 1:30, amesimama, anameza, na mafuta yapo jikoni.

Kuna kuvimba kwingine ambako mafuta si dawa yake, nako huku kwetu kupo msimu wa maembe na mabibo, na muhogo mwaka mzima. Ng'ombe kala maganda chini ya mwembe, kameza embe zima au kipande cha muhogo, kimekwama kooni. Huyu naye anavimba kushoto, ila angalieni tofauti. Mate yanamwagika tangu mwanzo, ananyoosha shingo na kujaribu kumeza bila kufika mwisho, na ukipapasa shingo upande wa kushoto waweza kukuta fundo gumu. Hakula kunde, kala maembe. Hapo ndani ni gesi huru, njia ndiyo imezibwa. Msimmiminie kitu chochote, hakina pa kupita, kitarudi mapafuni. Wala msisukume kwa fimbo, umio unapasuka. Huyu ni wa daktari, haraka, na chombo cha kutobolea kwake kinafanya kazi vizuri kwa sababu ni gesi, si povu. Mnaona kwa nini tunawauliza kwenye simu, kala nini?

Nije kwenye jambo linaloleta ugomvi vijijini mwetu. Ng'ombe wa mfugaji kakutwa amekufa katikati ya kunde za mkulima, tumbo limevimba. Kabla jua halijapanda, neno ni moja: katiwa sumu. Wanakwenda kwa mtendaji wa kijiji, wazee wanaitwa, wengine wanashika fimbo. Ndugu zangu, kunde changa zenye umande zinaweza kumuua ng'ombe mwenye njaa bila mkono wa mtu. Lakini pia kila mzoga huvimba juani, kwa hiyo tumbo lililovimba pekee si ushahidi wa chochote.

Anayeweza kutenganisha ni mtaalamu akiupasua mzoga mapema, kabla povu halijayeyuka tumboni. Hutazama pia umio: kwa ng'ombe aliyekufa kwa kuvimba, sehemu ya shingoni huwa nyekundu imejaa damu, na sehemu ya kifuani imepauka, kama kuna mstari umechorwa kati yake. Mstari huo umeshapatanisha watu.

Ila mkikuta mzoga una damu nyeusi isiyoganda inayotoka puani, mdomoni au nyuma, asiupasue mtu. Asiuchune. Mbwa wafukuzwe. Hicho chaweza kuwa kimeta, na kimeta kinaua watu. Aitwe afisa mifugo hapo hapo ulipo.

La kuzuia nitalipita upesi, kwa sababu mtamba wetu ameshatueleza. Aliingia na njaa, kukiwa na umande, kwenye kunde ambazo hazijatoa maua. Ukiondoa lolote kati ya hayo matatu hatari inapungua. Mpe majani makavu au mabua ashibe nusu kabla ya kumfungulia. Subiri umande ukauke, saa 4 hivi. Siku za kwanza umwache dakika 15 au 20 kisha umtoe, na umtazame kwa nyuma saa mbili zinazofuata. Anayekata na kulisha bandani ayanyaushe majani ya kunde au luseni mpaka yalegee, ayachanganye na nyasi, nyasi ziwe zaidi ya nusu. Kuna mikunde isiyo na tabia hii: desmodiamu na lusina zina ukakasi unaofunga zile protini, povu halijengeki. Lusina ina mambo yake mengine ukiizidisha, lakini kuvimba si mojawapo. Na kama una ng'ombe anayevimba kila msimu wakati wenzake wako salama, muuze. Wapo walioumbwa hivyo.

Mtamba aliyepona asirudi kwenye kunde leo wala kesho. Maji apewe, majani makavu kidogo kidogo, na usiku huo mtu aamke mara mbili kumtazama kwa nyuma kwa tochi, maana povu lililobaki laweza kupanda tena. Akianza kucheua, hapo mkalale.

Kijana mmoja ameuliza chupa ya mafuta ikae wapi. Swali zuri. Jazeni ile ya nusu lita leo, ifungeni kifuniko sawasawa, iandikeni NG'OMBE kwa kalamu nene, na muitundike kwenye nguzo ya mlango wa zizi, upande wa kivulini, pamoja na kijiti na kamba yake. Msiiweke jikoni. Jikoni itakaangiwa samaki Ijumaa, na ng'ombe atavimba Jumamosi.